Starta Inazungusha, Injini Haiwaki

Injini inayoishiwa mafuta haizimi mara moja. Huanza kusita, hukohoa, hushtukashtuka unapokanyaga pedali, halafu ndipo inanyamaza. Ipo injini nyingine inayozima kana kwamba mtu amechomoa ufunguo. Sasa hivi ulikuwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mara kimya, taa za dashibodi zimewaka zote na usukani umekuwa mzito. Unasogea pembeni kwa kasi iliyobaki, unapiga starta. Inazungusha vizuri, kwa nguvu, lakini injini haishiki. Unapiga tena, haishiki.

Kabla ya kuzungumzia ubovu, neno moja kuhusu zile sekunde za kusogea pembeni. Injini ikizima, breki haipotei papo hapo. Kifaa kinachousaidia mguu wako kukandamiza breki huwa kimebakiwa na nguvu ya kutosha kanyago moja au mbili hivi, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo kanyaga breki mara moja kwa uthabiti na uishikilie; usiipigepige. Gari la otomatiki liweke kwenye N likiwa bado linatembea. Na usizungushe ufunguo hadi mwisho wa kuzima, maana usukani unaweza kujifunga.

Ukishasimama salama, wapita njia watakuwa wameshatoa hukumu zao: betri, plagi, pampu ya petroli. Betri iondoe kwenye orodha mara moja. Betri iliyochoka huzungusha injini kwa kujikokota, au hutoa mlio wa tak-tak tu. Hapa starta inazungusha kwa kasi, maana yake betri, nyaya zake nene na starta yenyewe ni vizima. Starta ina njia yake ya umeme kutoka kwenye ufunguo, na katika magari mengi ya miaka iliyopita haiiulizi kompyuta ya gari kitu. Itazungusha tu hata kama kila kitu kingine kimekufa.

Kasi hiyohiyo ya kuzunguka inahitaji sikio makini. Injini nzima inapozungushwa na starta hutoa mdundo: hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, kwa sababu kila pistoni inapopanda inabana hewa. Ukisikia mdundo wako wa kila siku, endelea kusoma. Lakini ikiwa inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja laini usio na mdundo, acha kupiga starta. Hiyo inaweza kuwa taimingi belti iliyokatika. Kuna injini ambazo belti ikikatika pistoni hugonga valvu, na kila ukipiga starta unaongeza valvu zilizopinda. Kuhakikisha ni rahisi: fungua kifuniko cha kujazia oili, chungulia ndani, mwambie mtu apige starta kwa sekunde moja. Kwenye injini nyingi utaiona kamshafti au sehemu zake zikizunguka. Zikiwa zimetulia wakati kranki inazunguka, belti au cheni imekwenda, na kuanzia hapo habari yako ni nyingine kabisa na hii.

Tuseme mdundo upo. Mtuhumiwa wa kwanza sasa ni kifaa kidogo kinachoweza kukaa kwenye kiganja, ambacho mafundi wengi hukiita sensa ya kranki.

Kranki ndiyo mhimili unaosukumwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye gia boksi. Kwenye mhimili huo kumefungwa gurudumu la chuma lenye meno, na sensa imekaa ubavuni mwake, kwa nafasi ya karibu milimita moja, bila kuligusa. Kila jino likipita, sensa inatuma mpigo mdogo wa umeme kwenye kompyuta. Katika injini nyingi za Toyota gurudumu hilo limegawanywa sehemu 36, kila moja ikiwa ya nyuzi 10, ila meno mawili yameachwa makusudi. Magari mengi ya Ulaya hutumia mgawanyo wa 60, nayo yakiwa yameachwa mawili. Kama ulimi unavyopita kwenye meno na kulitambua pengo, kompyuta inahesabu mipigo, inafika kwenye pengo, na hapo inajua pistoni ya kwanza iko wapi.

Ikishajua hivyo, ndipo inaamua nozeli ipi inyunyize petroli na plagi ipi ipige cheche, na kwa wakati gani. Ikikosa mipigo hiyo, kwa kompyuta injini imesimama. Haiwezi kurusha cheche kwa kubahatisha, kwa hiyo inazuia cheche na petroli kwa pamoja. Ndiyo maana kuzima huwa kwa ghafla namna ile, bila kukohoa. Na hapo ndipo penye mtego wa gereji. Fundi anatoa plagi, anaona haina cheche, anasema koili. Mwingine anasikiliza pampu, haisikii, anasema pampu. Magari mengi huiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi ufunguo unapowekwa ON, kisha huizima ikiwa kranki haionekani kuzunguka. Pampu nzima kabisa inaweza kunyamaza kwa sababu ya sensa. Kanuni ninayoiamini ni hii: cheche na petroli vikipotea kwa wakati mmoja, usitafute vifaa viwili vilivyokufa pamoja. Tafuta kile kimoja ambacho vyote viwili vinakitegemea.

Si kwamba ni sensa hii peke yake. Fyuzi au rilei kuu inayolisha kompyuta inaweza kuleta dalili ileile, na mfumo wa kuzuia wizi usioutambua ufunguo pia huzuia injini kuwaka. Kwa hiyo mwanzo wa kazi ni kutazama dashibodi. Weka ufunguo ON bila kupiga starta. Taa ya cheki injini inatakiwa iwake. Isipowaka kabisa, kompyuta yenyewe huenda haina umeme. Anzia kwenye fyuzi. Taa ya ufunguo au kufuli ikipepesa haraka wakati siku zote huzimika, shughulika na ufunguo kwanza.

Sasa tuchukue gari moja na tulifuate hadi mwisho. Ni Corolla ya miaka ya mwanzo ya 2000 yenye injini ya 1ZZ-FE, ambayo imo pia kwenye Allion, Premio na Wish nyingi zinazotembea kwetu. Imezima kwenye foleni ya jioni eneo la Kimara, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, baada ya saa nzima ya kusogea hatua kwa hatua. Dereva amepiga starta mpaka amekata tamaa. Baada ya nusu saa hivi, akiwa anasubiri gari la kuvuta, anajaribu tena: inawaka kama haijawahi kuumwa. Anafika nyumbani. Siku mbili baadaye, hali ileile.

Mwenendo huo wa kufa ikiwa ya moto na kufufuka ikipoa ni alama kubwa. Ndani ya sensa ya aina hii kuna sumaku na koili ya waya wa shaba mwembamba mno, uliozungushwa mara nyingi. Miaka ya joto na mtetemo huuchosha. Unapata ufa mdogo: ukiwa baridi ncha mbili zinagusana, ukipata moto vitu vinatanuka na ncha zinaachana. Foleni ndiyo mbaya kuliko barabara kuu, kwa sababu gari likisimama upepo haupiti kwenye injini. Na ndiyo sababu gari linafika gereji likiwa zima, fundi anapima, anakuta kila kitu sawa, mwenye gari anaondoka na lawama kwamba anajiwazia tu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua hata boliti moja. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, hata ile ndogo ya bluutufi inayofanya kazi na simu, ingia kwenye sehemu ya taarifa za moja kwa moja, tafuta mzunguko wa injini kwa dakika, ulioandikwa RPM. Piga starta. Injini inayozungushwa na starta hutoa takribani 150 hadi 300. Ukiona namba kama hiyo, sensa inaongea, na tatizo liko kwingine. Ukiona 0 wakati masikio yako yanasikia injini inazunguka, umeshapata mahali pa kuchimba. Asiye na mashine autazame mshale wa mzunguko kwenye dashibodi: katika magari mengi hunyanyuka kidogo sana wakati wa starta, na kutulia tuli ni dokezo, ingawa si ushahidi.

Mashine hiyohiyo itaonyesha kama kuna kodi iliyohifadhiwa. Ya sensa hii mara nyingi ni `P0335`, na ile ya ubovu unaokuja na kwenda ni `P0339`. Hapa watu hukosea pande mbili. Kuna wanaosema hakuna kodi, basi sensa ni nzima. Lakini kompyuta inaweza kuona hakuna mipigo ikadhani injini imesimama tu, isiandike chochote. Na kuna wanaoiona `P0335` wakakimbilia dukani. Kodi hiyo inalaumu njia nzima ya mawasiliano, ikiwemo waya, soketi na gurudumu la meno, si sensa peke yake.

Kwenye Corolla yetu RPM inasoma 0 ikiwa ya moto. Sasa tunaingia chini. Sensa ya injini hii iko mbele, jirani na puli ya kranki na kompresa ya kiyoyozi, imeshikwa na boliti moja. Magari mengine wameiweka upande wa pili, kwenye nyumba ya gia boksi, ikisoma meno ya flaiwili. Chomoa soketi yake uhesabu waya, maana hapo ndipo njia zinapogawanyika. Waya mbili ni sensa ya sumaku na koili, kama hii. Waya tatu mara nyingi ni sensa ya kielektroniki inayohitaji kupewa umeme, na kipimo chake ni kingine. Ziko pia sensa za koili zenye waya wa tatu wa kuzuia mwingiliano wa umeme, hivyo ukiona tatu, tafuta mchoro wa gari lako kabla ya kupima.

Kwa sensa ya waya mbili, weka multimita kwenye ohmu, gusa pini mbili za sensa yenyewe, si za upande wa waya wa gari. Kwa 1ZZ-FE, sensa ikiwa baridi inatakiwa isome kati ya ohmu 985 na 1,600. Ikiwa ya moto, kati ya 1,265 na 1,890. Magari mengine yana namba zao, kuanzia mamia machache hadi zaidi ya 2,000, kwa hiyo usihukumu sensa ya gari jingine kwa namba hizi. Mita ikionyesha `OL`, waya wa ndani umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeshoti. Kisha gusa pini moja na ncha nyingine uigusishe kwenye chuma cha injini: hapo `OL` ndiyo jibu zuri, na ohmu zozote ni ubovu.

Gari letu lilipopimwa asubuhi likiwa limelala, lingesoma kama ohmu 1,350. Safi kabisa, na fundi mwenye haraka angefunga boneti hapo. Lakini sensa inayokufa kwa joto inapimwa kwa joto. Liache liungurume likiwa limesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mpaka lizime lenyewe, kisha pima hapohapo kabla halijapoa. Namba inapanda, inarukaruka, halafu `OL`. Hapo kesi imekwisha. Kama halikubali kuzima, toa sensa, ipime huku unaipuliza kwa kikausha nywele na kuigongagonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Sensa nzima namba yake hupanda polepole kwa joto bila kukatika, mbovu huruka.

Njiani kusiko na mita, mafundi wana ujanja wa maji: wanailowesha sensa kwa kitambaa chenye maji baridi, wanasubiri dakika chache, wanapiga starta. Ikiwaka wakati kabla ya maji haikuwaka, shaka inakuwa ndogo sana. Ni ujanja mzuri, ila tumia kitambaa na si ndoo, uwe mbali na feni na belti, na usimwage maji kwenye bomba la moshi la moto.

Kuna sensa inayosoma ohmu sawasawa na bado haifanyi kazi. Ndiyo maana ninaona kipimo cha ohmu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiona ikizalisha umeme. Soketi ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye volti za mkondo geu, zenye alama ya `V~`, unganisha kwenye pini mbili za sensa, mwambie mwenzako apige starta. Sensa hii inajizalishia umeme wake, kwa hiyo unapaswa kuona nusu volti au zaidi, na inaongezeka injini ikizunguka haraka. Ukiona karibu na sifuri wakati ohmu ni nzuri, toa sensa uitazame ncha yake. Sumaku hukusanya unga wa chuma, na rundo la unga huo linaweza kuzima mipigo. Futa, kisha tazama kama boliti ilikuwa imelegea. Kama kazi ya taimingi ilifanyika karibuni, shuku pia gurudumu la meno: likirudishwa kinyume au likipinda, sensa mpya haitasaidia kitu.

Kwa sensa ya kielektroniki ya waya tatu, usipime ohmu kabisa. Hazina maana na mita inaweza kuiharibu. Kwanza, ufunguo ukiwa ON, pima kwenye soketi upande wa gari: waya mmoja uwe na volti 5 au 12 kulingana na gari, mwingine uwe ni ethi. Vikikosekana, sensa haina kosa, haijalishwa. Vikiwepo, rudisha soketi, chokoza waya wa mawimbi kwa pini nyembamba kutoka nyuma, kisha zungusha kranki kwa mkono, taratibu, kwa spana kwenye boliti ya puli. Volti iruke kati ya karibu sifuri na volti kamili kila jino linapopita. Ikikaa mahali pamoja tu, sensa ndiyo mbovu.

Kabla hujakimbilia dukani, pima waya kutoka soketi ya sensa hadi kwenye kompyuta, ufunguo ukiwa umezimwa na betri imefunguliwa. Isome ohmu chache tu, nawe utikise waya ukiwa unapima. Waya hizi hupita karibu na moto na mafuta. Soketi iliyolowa oili au pini iliyooza kwa kutu ya kijani huleta dalili ileile kabisa. Ukilazimika kuunga waya, usibadilishane zile mbili. Sensa ya koili ikigeuzwa pande, mipigo inafika imepinduka, na injini inaweza kukataa kuwaka au ikawaka vibaya.

Kufunga sensa mpya ni kazi fupi. Safisha tundu, paka oili kidogo kwenye raba ya mviringo, isukume kwa mkono na si kwa kugonga, kaza boliti bila kuiua. Kwenye injini yetu hakuna nafasi ya kurekebisha. Sensa ikikaa mahali pake nafasi iko sawa. Baadhi ya magari ya chapa nyingine huhitaji kompyuta ifundishwe upya kwa mashine baada ya kubadilisha, kwa hiyo muulize fundi mapema. Futa kodi, kisha rudia kilekile kilicholiua gari: foleni, joto, kiyoyozi. Kuwaka likiwa baridi hakujathibitisha chochote, kwa sababu hata ile sensa mbovu ilikuwa ikiwaka baridi.

Nako dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, sensa bandia ziko kwenye maboksi mazuri kuliko ya halisi. Linganisha namba ya kipuri na ile iliyoandikwa kwenye sensa yako ya zamani, na nenda na multimita: sensa ya waya mbili unaweza kuipima ohmu pale kaunta kabla ya kutoa pesa. Mtumba uliotolewa kwenye injini iliyovunjwa, ukisoma vizuri baridi na moto, ninaupendelea kuliko mpya usiojulikana umetoka wapi. Na fundi yeyote akikuambia tununue pampu kwa gari lililozima ghafla na starta yake inazungusha, mwombe kwanza akuonyeshe RPM inasoma ngapi wakati wa starta.